Kitufe Kimoja Kinapobeba Kazi ya Viwili

Katika EA Sports FC, gemu ya kandanda inayochezwa karibu kila kibanda cha gemu kuanzia Kariakoo hadi Kisumu, kitufe cha duara kwenye pedi ya PlayStation ndicho cha kupiga golini. Ukikibonyeza peke yake, mpira unakwenda kwa nguvu na kwa njia iliyonyooka. Ukitaka shuti la kupinda, lile linalomzunguka kipa na kuingilia nguzo ya mbali, unashikilia R1 kwa kidole cha shahada, na wakati huohuo unabonyeza duara kwa kidole gumba. Mchezaji mwenye vidole vizima halifikirii hata jambo hili. Vidole vinakwenda vyenyewe.

Mpwa wangu ana mtindio wa ubongo. Mkono wake wa kushoto unakunja ngumi, na kwa ngumi hiyo anakisukuma kijiti cha pedi vizuri kabisa. Mkono wa kulia una kidole kimoja kinachomtii, cha shahada. Akijaribu kuita kidole cha pili, vyote vitano vinakaza na kujikunja, na pedi inateleza mapajani. Kwa hiyo anacheza pedi ikiwa imelala mapajani juu ya mto mdogo, ngumi kwenye kijiti, kidole kimoja kikizunguka kutoka kitufe hadi kitufe. Hesabu ya pasi anaijua, nafasi anaziona mapema kuliko mimi, lakini shuti la kupinda hana. Wala hana pasi ya juu ya kupenyeza, ambayo ni L1 pamoja na pembetatu. Wala hawezi kukimbia kwa kasi huku akipiga, maana mbio ni R2 na duara liko mbali nayo.

Watu wengi wakiona hali kama hii husema, ingia kwenye mipangilio ya mashine ubadilishe vitufe. Ushauri huo ni nusu ya kweli, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo inayowafanya wazazi na ndugu wengi wakate tamaa baada ya jioni moja ya kuhangaika na menyu.

Ukweli wake ni huu. PlayStation 4 ilianza kuruhusu kubadilisha vitufe kwenye mfumo wake mwaka 2015. Xbox One nayo ikafuata mwaka huohuo kwa pedi zake za kawaida. Nintendo Switch ilipata uwezo huo mwaka 2020, kwenye toleo la mfumo namba 10.0.0. Kwenye PlayStation 5 unaingia `Settings`, kisha `Accessibility`, kisha `Controllers`, na humo unawasha vitufe vya kupanga mwenyewe kwa pedi ya DualSense. Zote hizi zinafanya kazi moja ileile: zinahamisha. R1 inakwenda ilipokuwa pembetatu, na pembetatu inakwenda ilipokuwa R1. Kitufe kimoja kinabaki na kazi moja. Hakuna mahali pa kuiambia mashine kwamba nikigusa hapa, hesabu kwamba nimegusa R1 na duara kwa pamoja.

Kwa mtu ambaye shida yake ni kufika, kuhamisha kunatosha. Mwenye kidole kisichofikia R2 anaileta R2 usoni mwa pedi, na mambo yanakwisha. Lakini kwa asiyeweza kubonyeza viwili kwa pamoja, unaweza kuhamisha usiku kucha. Viwili vitabaki viwili. Sisi tuliihamishia R1 kwenye mraba, ikakaa jirani kabisa na duara, tukidhani kidole kimoja kilicholazwa kitavigusa vyote. Kilivigusa, ila kimoja kilitangulia kingine kila mara, na kidole kilicholala hakina nguvu ya kukandamiza pande zote mbili sawasawa. Tena mraba ulipoondoka mahali pake, menyu za mashine nazo zikabadilika, huku maelekezo ya kwenye skrini yakiendelea kuonyesha alama zilezile za zamani. Gemu haina habari kwamba mfumo umehamisha kitufe. Inakuambia bonyeza R1, nawe unatakiwa kukumbuka kwamba R1 yako sasa ina picha ya mraba.

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, kwa hiyo, inafaa kukaa na mchezaji na kuitazama gemu yenyewe anayoipenda, kisha kuuliza kila mwungano wa vitufe ni wa aina gani. Maana miungano hailingani.

Upo ule ambao vitufe viwili havina mkubwa wala mdogo. Gemu inataka tu ivione vyote vimezama. God of War ya mwaka 2018 ni mfano mzuri: Kratos anapandisha hasira unapobonyeza vijiti vyote viwili kwa pamoja, yaani L3 na R3. Na upo ule ambao kitufe kimoja ni cha kushikilia na kingine ni cha kubonyeza. Kinachoshikiliwa kinabadilisha maana ya kinachobonyezwa. Shuti la kupinda ni la aina hii ya pili: R1 inasema namna, duara linasema tendo. Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua dawa. Wa kwanza hauna njia nyingine ila kuunganisha viwili viwe kimoja. Wa pili unaweza kuunganishwa pia, lakini vilevile unaweza kuvunjwa ukawa hatua mbili zinazofuatana: washa R1 ibaki imewaka, kisha bonyeza duara, kisha zima R1. Kidole kimoja kinaziweza hatua zinazofuatana.

Gemu nyingine zimeshaifanya kazi hii ndani yake, na hapo huna haja ya kuusumbua mfumo. Gemu za ngumi zina mazoea ya siku nyingi ya kumpa mchezaji kitufe kimoja kinachosimama badala ya ngumi zote tatu, au mateke yote matatu, kwa pamoja. The Last of Us Part II, iliyotoka mwaka 2020, inakuruhusu kupanga upya amri zake zote na kugeuza vitendo vya kushikilia kuwa vya kubonyeza mara moja. Ukikuta gemu ya namna hiyo, anzia humo humo. Mabadiliko ya ndani ya gemu yana faida moja kubwa: alama za kwenye skrini zinabadilika pamoja nayo.

Lakini mpwa wangu anataka mpira, na mipangilio ya gemu peke yake haikumtosha. Kwa hiyo tulirudi kwenye mfumo wa mashine. Kwenye PlayStation 5 kuna milango miwili inayofaa, mmoja hauna gharama kubwa, mwingine unahitaji kununua kifaa.

Ule wa kwanza ulikuja na sasisho la mfumo la Septemba 2023. Tangu hapo PlayStation 5 inaweza kupokea pedi mbili na kuzihesabu kama pedi moja ya mchezaji mmoja. Uliwekwa ili mtu amsaidie mwenzake, mathalani mzazi na mtoto. Xbox ilikuwa na kitu hicho tangu 2017, ikikiita Copilot. Kwa asiyeweza kubonyeza viwili kwa mkono, pedi ya pili haihitaji kuwa mikononi mwa mtu mwingine. Inaweza kulala sakafuni. Kisigino au kidole gumba cha mguu kikapewa kazi ya R1 peke yake, na kidole cha mkono kikabaki na duara. Mwungano bado ni wa vitufe viwili, ila hauombwi tena kwa mkono mmoja.

Tulipoijaribu, tuligundua kwamba R1 ya DualSense ikiwa sakafuni haikanyagiki. Iko ubavuni mwa pedi, na mguu unasukuma pedi yote inakimbia. Dawa yake ilikuwa kuhamisha: kwenye vitufe vya kupanga mwenyewe tuliipeleka R1 kwenye X, kitufe cha usoni kinachotazama juu, tukaifunga pedi kwenye kipande cha ubao kwa mpira wa baiskeli ili isisogee. Lakini hapo ni lazima uangalie kama mpango uliouweka unashika pedi zote mbili au moja, kwa sababu ukizishika zote, X ya mkononi nayo imegeuka R1 na hana pasi tena. Namna ya kujua ni rahisi: ingia uwanja wa mazoezi, bonyeza X ya pedi ya mkononi, uone kama mchezaji anatoa pasi. Ikiwa hatoi, basi pedi ya mkononi ichukue nafasi nyingine kwa pasi, na unaanza kuipanga upya yote kuanzia hapo.

Kwa mwenye mguu unaotii, njia hii inaweza kumaliza safari. Mguu wa mpwa wangu unatii kwa kuchelewa. Anaamua sasa, mguu unafika baadaye kidogo, na ndani ya eneo la hatari hakuna baadaye. Shuti lilitoka la kawaida kila mara, kwa sababu duara lilifika kabla ya R1. Hiyo ndiyo alama ya kuitambua shida hii: ukiona mpira unanyooka badala ya kupinda, mashine haijakosea chochote, ni kwamba kitufe cha namna kimechelewa nyuma ya kitufe cha tendo.

Mlango wa pili ni Access, pedi maalumu ambayo Sony waliionyesha Januari 2023 kule Las Vegas ikiwa bado inaitwa Project Leonardo, na wakaanza kuiuza tarehe 6 Desemba 2023 kwa dola 89.99 za Marekani. Katika kuiunda walishirikiana na mashirika yanayofanya kazi na wachezaji wenye ulemavu, yakiwamo AbleGamers la Marekani na SpecialEffect la Uingereza. Ni kifaa cha duara kinacholala mezani. Kina kijiti kimoja upande, vitufe vinane kuzunguka ukingo, na kimoja kikubwa katikati. Vifuniko vya vitufe vinatoka na kubadilishwa: vipo bapa, vipo vilivyoinuka kama mto, kipo kipana kinachochukua nafasi ya viwili. Kuna pia matundu manne ya milimita 3.5 ya kuchomekea swichi za nje. Imetengenezwa kwa ajili ya PlayStation 5.

Kilichonifanya niandike makala hii hakipo kwenye umbo lake, kipo kwenye menyu yake. Ukiingia `Settings`, kisha `Accessories`, ukaichagua Access na kuunda wasifu wa vitufe, kila kitufe kinakupa nafasi ya kukipa kazi mbili badala ya moja. Unachagua R1, kisha unaongeza duara. Kuanzia hapo kitufe kile kikizama, gemu inapokea R1 na duara kwa pamoja. Kikiinuka, vyote viwili vinaachiwa. Ukikishikilia ili kipimo cha nguvu ya shuti kipande, vyote viwili vinabaki vimeshikiliwa. Gemu haiwezi kujua kwamba kilichobonyezwa ni kitu kimoja. Huu ndio mpangilio ambao pedi ya kawaida haina.

Menyu hiyohiyo ina kitu cha pili, nacho ni kukigeuza kitufe kiwe cha kuwasha na kuzima. Kinafanya kazi kama kile cha herufi kubwa kwenye kibodi ya kompyuta: bonyeza mara moja, kinabaki kimeshikiliwa, bonyeza tena, kinaachiwa. Kwa R2 ya mbio hiki ni kitu cha thamani sana. Kidole kinawasha mbio, kinaondoka, kinakwenda kutafuta duara, na mchezaji wa kwenye skrini anaendelea kukimbia.

Ugumu uliobaki ulikuwa wa hesabu. Vitufe ni tisa, na mahitaji ni mengi kuliko tisa. Hapo ndipo ilitusaidia kwamba PlayStation 5 inaruhusu Access mbili na DualSense moja kuungana na kuwa pedi moja ya mchezaji mmoja. Tulikuwa na Access moja tu. DualSense ilibaki mapajani kwa ajili ya ngumi ya kushoto na kijiti chake, na pia kwa vitufe vya nadra kama `Options`. Access ikakaa mezani upande wa kulia, na vitufe vyake vyote tisa vikawa mali ya kidole kimoja.

Tulikaa chini tukagawana nafasi. Vitufe vinne vilikwenda kwa X, duara, mraba na pembetatu vikiwa vitupu, kila kimoja na kazi yake ya asili. Ni lazima vibaki, na hapa ndipo watu hujikwaa: wakishapata kitufe cha R1 na duara, wanaona duara la peke yake halina kazi tena na kulifuta. Kisha wanakuta hawana shuti la kawaida, na wakati wa kulinda hawana kitufe safi cha kunyang'anya mpira, kwa kuwa duara lilelile ndilo la kunyang'anyia. Cha tano kikawa R2 ya kuwasha na kuzima. Cha sita, R1 pamoja na duara. Cha saba, L1 pamoja na pembetatu kwa pasi ya juu ya kupenyeza. Cha nane, L1 tupu, ambayo wakati wa kulinda inabadilisha mchezaji unayemwongoza. Cha tisa, R1 ya kuwasha na kuzima.

Aliniuliza, “Mjomba, hiyo R1 ya peke yake ya nini, na ya shuti ninayo?” Sababu ni pasi. R1 pamoja na X ni pasi ya chini ya nguvu, na R1 pamoja na mraba ni pasi ya juu iliyopigwa kwa nguvu. Kila mwungano ukiupa kitufe chake, tisa haviwezi kutosha. R1 ikiwa ya kuwasha na kuzima, kitufe kimoja kinafungua pasi zote hizo kwa gharama ya hatua moja zaidi. Kwa hiyo kanuni tuliyoifikia ni kwamba mwungano unaohitaji haraka upewe kitufe chake kilichoungana, na ule unaoweza kungoja uachwe kwenye kuwasha na kuzima. Shuti ndani ya boksi halingoji. Pasi kutoka kwa beki wa kati, ambaye hajabanwa na mtu, inangoja.

Kuhusu mahali pa kila kitufe, kitufe kikubwa cha katikati kilipewa X, kwa maana pasi ndiyo inayopigwa kuliko kitu kingine chochote, na kidole kinarudi katikati chenyewe kila kinapomaliza kazi. Duara tupu na lile lililoungana na R1 tuliyaweka pande mbili zinazotazamana. Mwanzoni yalikuwa jirani. Kidole kilipokuwa kinatetemeka kwa msisimko wa kukaribia goli, kiligusa yote mawili, na likitangulia duara tupu, shuti la kupinda linakufa palepale. Tukayatenga. Kitufe kilichoungana kikavishwa kifuniko kilichoinuka, vingine vilivyo jirani vikabaki bapa, ili kidole kikijue bila macho kushuka kutoka kwenye skrini.

Kisha tukaingia uwanja wa mazoezi. Mpira pembeni ya boksi upande wa kushoto, mchezaji wa mguu wa kulia, kijiti kikielekea nguzo ya mbali, kidole kikazama kwenye kile kitufe na kutulia mpaka kipimo cha nguvu kikafika karibu nusu. Mpira ulitoka nje ya nguzo, ukaanza kurudi ndani, ukagonga wavu wa pembeni kwa ndani. Hakupiga kelele. Alirudisha mpira na kupiga tena, akapiga tena, na mama yake alipomwita kula alimwambia asubiri.

Kuwasha na kuzima kuna adhabu yake, na ni vizuri kuijua mapema, la sivyo mtu atadhani kifaa kimeharibika. R2 ikisahauliwa imewaka, mchezaji anaukimbilia mpira na kila mguso wake unaupeleka mbali, beki anauchukua. Na kufikia kipindi cha pili timu imechoka. R1 ikisahauliwa imewaka, dalili zake ni za ajabu zaidi. Pasi zote fupi zinakuwa za nguvu na kuwapita wenzako. Ukiwa unalinda, R1 inamwita mwenzako wa pili aende kumbana mwenye mpira, kwa hiyo unaona beki wako mmoja anaacha nafasi yake bila kuambiwa na kukimbilia mpira, na tundu linafunguka nyuma yake. Ukiyaona hayo mawili kwa pamoja, pasi ngumu na beki mtoro, usilaumu gemu. Bonyeza kitufe cha R1 mara moja na utazame kama mambo yanatulia. Mpwa wangu amejijengea mazoea kwamba kila mpira unapotoka nje, kidole kinapita kwenye vitufe viwili vya kuwasha na kuhakikisha hali yake, akitazama kama mchezaji aliye karibu na mpira anatembea au anakimbia.

Kwa wenye mashine nyingine hali si sawa. Xbox Adaptive Controller, iliyotoka Septemba 2018, ina vitufe viwili vikubwa na matundu 19 ya kuchomekea swichi za nje. Inafaa sana kwa kugawa mwungano baina ya viungo: R1 yao, ambayo wanaiita RB, ikawa kwenye swichi iliyo karibu na goti au kiwiko, na kitufe cha tendo kikabaki kwa mkono. Pedi hiyo ina pia kipengele cha `Shift`, ambacho watu hukikimbilia wakidhani ndicho wanachokitafuta. Kinafanya kinyume. Kinaongeza kazi ya pili kwa kila kitufe, lakini kwa kukutaka ushikilie kimoja huku ukibonyeza kingine, yaani kinazalisha mwungano mpya badala ya kuufuta wa zamani. Steam Deck, ile kompyuta ya mkononi ya Valve iliyoanza kuuzwa Februari 2022, ndiyo yenye uhuru kuliko zote: kwenye mpangilio wa vitufe, kando ya amri uliyoichagua, kuna `Add extra command`, na kitufe kimoja kinaweza kubeba amri mbili au zaidi bila kununua kifaa cha ziada. Switch haina kitu cha kuunganisha. Na ina tatizo la ziada, kwamba unapounganisha pedi, skrini yake yenyewe inakutaka ubonyeze L na R kwa pamoja.

Jambo hilo la mwisho linaigusa PlayStation pia. Kuifanya DualSense itafute mashine kwa njia ya bluetooth, unashikilia kitufe cha PS na cha `Create` kwa wakati mmoja, na hakuna mpangilio wa kukuondolea hilo, kwa kuwa pedi bado haijajuana na mashine yenye mipangilio. Hapo tumia waya. Chomeka pedi kwenye mashine kwa waya wa USB, bonyeza kitufe cha PS peke yake, na zitatambuana.

Ukienda kucheza kwenye kibanda cha watu, au nyumbani mnatumia akaunti moja, kumbuka pia kwamba vitufe ulivyovihamisha kwenye DualSense vitamkuta mchezaji anayekufuata. Vizime unapoondoka, mpango wako haufutiki, unangoja tu kuwashwa tena. Access yenyewe ni rahisi zaidi kwa upande huo, kwani inabeba wasifu tatu ndani yake kwa wakati mmoja, na kuna kitufe juu yake cha kuhama kutoka mmoja hadi mwingine.

Limebaki shuti moja ambalo bado tunalifanyia kazi. FC ina shuti kali la kupiga kwa L1, R1 na duara, vitatu kwa mpigo, na Access inaunganisha viwili tu kwa kitufe kimoja. Kwa hatua zinazofuatana linawezekana: L1 ikiwa ya kuwasha na kuzima, unaiwasha, kisha unabonyeza kile kitufe cha R1 na duara, kisha unaizima. Lakini L1 ya namna hiyo haikubaliki wakati wa kulinda, maana anaitaka iwe ya kugusa na kuachia upesi ili abadilishe mchezaji. Tunayoijaribu sasa ni swichi ya nje iliyochomekwa kwenye moja ya yale matundu manne ya Access, ikapewa L1 ya kuwasha na kuzima, na kukaa chini ya kisigino cha kulia. Mguu wake unachelewa, ila kwa shuti hili anaweza kuutuma mapema, wakati mpira ukiwa bado kwa winga. Mpaka sasa linatoka pale tu anapopata muda wa kutosha mbele ya boksi. Akibanwa, anarudi kwenye lile la kupinda.